Ncha ya kitu, ncha ya kivuli: majibu kwa wanaokagua foto za kubandika

Kwenye foto moja ya Birere, kivuli cha nguzo kinaelekea kushoto na cha motari kinaelekea kulia. Jua ni moja tu. Si hapo mtu amebandikwa? (Goma)

Bado huwezi kusema hivyo. Vivuli vilivyo sambamba ardhini havibaki sambamba ndani ya foto, kama vile kingo mbili za barabara zinavyoonekana kukaribiana kadiri zinavyokwenda mbali. Mpiga foto akilielekea jua, kivuli cha nguzo iliyo kushoto kwake humjia kikiinamia kushoto, na cha iliyo kulia huinamia kulia. Jicho letu ni hakimu mbaya sana katika jambo hili. Ile foto maarufu ya mwaka 1963 ya Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani, akishika bunduki uani ilishukiwa kwa miaka mingi, watu wakisema kivuli cha chini ya pua hakipatani na kile cha ardhini. Hany Farid, mtaalamu wa kuchunguza foto za kughushi, alipoijenga upya sura ile na ua ule kwenye kompyuta, taa moja tu ilitosha kutoa vivuli vyote viwili.

Msishike mwelekeo wa kivuli ardhini. Shikeni kitu kingine: mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ncha ya kitu, ncha ya kivuli chake na jua viko kwenye mstari mmoja. Mstari ulionyooka duniani hunyooka pia katika foto. Ukiunganisha ncha ya kila kivuli na ncha ya kitu chake, kisha ukairefusha mistari hiyo, yote lazima ipite mahali pamoja, hata kama mahali hapo ni mbali nje ya foto.

Tuonyesheni kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Tuna foto ya chukudu karibu na kibanda, na bwana mmoja mwenye kofia tunayemshuku. (Goma)

Tuchukue foto yenye upana wa pikseli 1600 na urefu wa 1200, tuhesabu kutoka kushoto kisha kutoka juu. Fungueni foto hiyo katika Inkscape, programu ya kuchorea, kwa sababu humo mstari unaweza kutoka nje ya ukurasa bila taabu. Asiye na kompyuta aichapishe, aibandike katikati ya karatasi kubwa, atumie rula ndefu au uzi uliovutwa.

Anzeni na vitu ambavyo hakuna anayevitilia shaka, tena vyenye ncha kali. Ncha ya mkono wa chukudu iko 900, 600 na kivuli chake 1080, 1050. Kichwa cha nguzo kiko 400, 300 na kivuli chake 450, 900. Kona ya bati la kibanda iko 1200, 420 na kivuli chake 1560, 948. Vuteni mstari kutoka kwenye kila kivuli kwenda kwenye ncha yake, endeleeni kwenda juu. Yote mitatu inakutana 300 kutoka kushoto, pikseli 900 juu ya ukingo wa foto. Jua liko hapo. Mistari miwili hukutana karibu siku zote, hata ikiwa ya uongo, kwa hiyo wa tatu ndio shahidi. Msimguse mshukiwa kabla ya kuwa na mitatu.

Sasa kofia yake: ukingo wa mbele uko 700, 500 na kivuli chake 560, 980. Mstari huo ukifika kimo kile kile cha pikseli 900 juu ya foto, uko karibu 1108 kutoka kushoto. Umelikosa jua kwa pikseli 800 hivi. Je, huenda mkono wenu ulitetemeka? Pimeni: kivuli na kofia vimeachana pikseli 480 kwenda juu, na kutoka kofia hadi jua ni 1400, yaani karibu mara tatu. Mkikosea pikseli 5 kwenye kofia au kwenye kivuli, kosa huko juu ni kati ya 15 na 20. Haliwezi kufika 800. Bwana huyu, au kivuli chake, hakutoka katika foto hii.

Mistari yetu inaachana ikienda juu. Tumekosea wapi? (Bukavu)

Pengine hamjakosea. Jua lilikuwa nyuma ya mpiga foto. Irefusheni upande wa pili, kutoka kwenye kitu kupita kivuli kwenda chini, nayo itakutana pale ambapo kivuli cha kamera yenyewe kingeangukia.

Shida ya kweli ni jua likiwa ubavuni. Hapo mistari inakaribia kuwa sambamba na inakutana mbali mno, kiasi kwamba kosa la pikseli mbili linasogeza makutano mbali sana. Katika foto ya namna hiyo mtatambua tu kivuli kilichogeuka waziwazi. Tofauti ndogo isemwe kuwa haipimiki.

Hapa chini ni mawe ya lava, meusi na yenye mashimo. Kivuli kinavunjikavunjika. Kipimo kinafaa? (Goma)

Kinafaa, mradi mfuate ncha kwa ncha. Ardhi hukunja umbo la kivuli, lakini mwale uliopita kwenye ncha ya kitu haujali unaangukia jiwe au shimo. Wanaopotea ni wale wanaoanzia miguuni na kufuata kivuli kama njia: hiyo huhitaji uwanja ulio tambarare.

Weusi wa lava ni tatizo jingine. Ongezeni mwanga wa sehemu za giza hadi ukingo wa kivuli uonekane, na ombeni faili ya kwanza kutoka kwa aliyepiga, maana iliyopitia WhatsApp imepunguzwa na kingo zake zimelainika. Hata katika faili nzuri ukingo hauwi kama wembe. Jua lina upana wa karibu nusu digrii, hivyo kivuli kilichosafiri mita 3 kutoka kwenye kitu huwa na utando wa sentimita 3 hivi. Wekeni alama katikati ya utando huo.

Pale msipojua nukta fulani ya kivuli ni ya bega au ya kiwiko, msibahatishe. Kutoka kwenye nukta hiyo vuteni mistari miwili inayokikumbatia kitu chote kinachoweza kuwa kimekitupa, kama herufi V. Jua lazima liwe ndani ya V hiyo. Eric Kee, James O'Brien na Hany Farid waliieleza njia hii mwaka 2013: V nyingi zisipokuwa na eneo hata moja la pamoja, taa si moja. Inahukumu polepole kuliko ncha kali, lakini haisingizii mtu.

Mistari ya nguzo iliyo pembeni ya foto haikubaliani na mingine, na nguzo haijaguswa na mtu. (Lubumbashi)

Angalieni kwanza lenzi. Lenzi pana ya simu hupinda mistari karibu na kingo, na kanuni yote inasimama juu ya mstari ulionyooka. Wekeni rula kwenye ukingo wa ukuta ulio pembeni: ukionekana umepinda, nyoosheni foto kwanza au tumieni vitu vya katikati tu. Foto ya panorama iacheni kabisa. Kukata kingo za foto hakuharibu kitu.

Na foto ya usiku, sokoni, taa kila kibanda? (Bukavu)

Hesabuni vivuli. Taa tatu zenye nguvu hutupa vivuli vitatu kwa kila mtu aliyesimama kati yake, na kila kundi lina makutano yake. Anayeshukiwa ni yule mwenye kivuli kimoja wakati jirani yake, hatua moja tu kutoka kwake, ana vitatu.

Mistari yote imekutana. Tuandike kwamba foto ni ya kweli? (Lubumbashi)

Hapana. Andikeni kwamba vivuli vilivyopimwa vinapatana na chanzo kimoja cha mwanga, na mtaje ni vingapi. Aliyekata mtu kutoka foto nyingine iliyopigwa mahali pale pale, dakika ile ile, atapita kipimo hiki bila shida, na vilevile aliyembandika mtu nyuma ya meza ambako kivuli chake hakionekani.