Fakta fomula: kabla hujaandika −4, pima alama kwanza

"Wakuu, kikomo cha (cos x − cos 3x)/x², x ikikaribia 0. Juu, kwa fakta fomula, nimepata 2 sin 2x sin(−x), jibu likatoka −4. Niko sahihi?"

Futa hiyo −4 sasa hivi, usiipeleke kwa mtu. Hilo kosa nalijua, liliniponza Fomu Sita kwenye mtihani wa majaribio. Swali zima liliharibika kwa sababu ya minasi moja.

Aliyenifundisha alikuwa mwalimu wa tuisheni. Aliandika ubaoni 2 sin sin, nusu ya jumla halafu nusu ya tofauti, akatuambia hiyo ndiyo ya kosini kutoa kosini. Minasi ya mbele hakuiandika. Nilipouliza akasema, "Alama utairekebisha mwishoni." Hadi leo nikikumbuka nakasirika. Mwanafunzi anarekebisha vipi kitu ambacho hajui kama kimekosewa? Tulilipa hela pale!

Fomula yenyewe ni hii:

```
cos A − cos B = −2 sin((A+B)/2) sin((A−B)/2)
```

Weka A = x na B = 3x. Nusu ya jumla ni 2x, nusu ya tofauti ni −x. Kwa hiyo una minasi mbili, moja mbele ya 2 na nyingine ndani ya sini. Sini ya −x ni −sin x, basi zile minasi zinakutana na kufutana, unabaki na 2 sin 2x sin x. Wewe umeibeba ya ndani peke yake, ya mbele umeiacha njiani. Ndiyo maana umeangukia −4.

Sasa shika hili, hata mengine yakikupita: jua alama ya jibu kabla hujagusa fomula. Kosini kwenye 0 ni 1, na ukisogea kidogo inashuka. 3x imesogea mbali mara tatu kuliko x, kwa hiyo cos 3x imeshuka zaidi. Kubwa kutoa ndogo ni chanya, na x² ni chanya. Hasi itokee wapi hapo? Kama bado huamini, weka kikokotoo kwenye radiani, chukua x = 0.1. cos 0.1 ni 0.9950, cos 0.3 ni 0.9553. Tofauti ni 0.0397, gawa kwa 0.01 upate 3.97. Kikisoma digrii utapata kitu kama 0.0012, hapo badilisha modi, usiilaumu fomula.

Kumalizia, gawa x² iwe x mara x, kila sini ipate yake. sin x/x inakwenda 1. sin 2x/x inakwenda 2, siyo 1, kwa sababu chini hakuna 2x. Basi 2 × 2 × 1 = 4.

Nenda kaifute, halafu uandike upya na zile minasi zote mbili zionekane.