Mstari mweupe kwenye risiti

*Fundi, nauza simiti na mabati hapa Kayole. Printa yangu ya risiti inaacha mstari mweupe kutoka juu hadi chini, na unapita katikati ya bei. Nimebadilisha roli mbili za karatasi, wapi! Wino umeisha ama kichwa kimekufa?*

Hakuna wino wa kuisha, ndugu. Printa hiyo huchoma. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ikwaruze kwa ukucha utaona. Upande unaotoa alama nyeusi ndio unaotazama kichwa. Yako umeiweka sawa, maana ingekuwa kinyume risiti ingetoka tupu.

Kichwa chenyewe ni ukanda mwembamba wenye vitone vya kupasha joto, kwa kawaida 8 katika kila milimita. Rola ya mpira inaibana karatasi juu yake na kuivuta. Kitone kisipochoma, pengo linajirudia palepale hadi mwisho wa risiti. Mstari wa nusu milimita basi ni vitone kama 4. Vimefunikwa ama vimeungua?

Kwa duka la simiti, mimi ningeshuku vumbi kwanza. Zima printa, chomoa waya, ngoja dakika kama 10 kichwa kipoe. Fungua kava na upulize vumbi litoke kabla hujapangusa chochote, kwani chembe za simiti ukizisugua na kitambaa zitakwaruza kichwa. Kisha chovya pamba ya kijiti kwenye alkoholi ya isopropili, pangusa ukanda kutoka katikati kwenda pembeni. Spiriti ya vidonda iache, mara nyingi ina mafuta yanayobaki. Kisu na wembe usivisogeze kabisa. Rola nayo ipanguse huku ukiizungusha, halafu uache kila kitu kikauke.

Sasa jaribu bila kompyuta: kwa printa nyingi, unashikilia kitufe cha FEED huku ukiwasha swichi, nayo inachapa karatasi yake ya majaribio. Mstari ukiwa umepungua upana, bado ni uchafu, rudia kusafisha. Ukibaki vilevile baada ya mara 2 au 3, vitone vimeungua. Havirekebishiki, kichwa kinabadilishwa kizima. Uliza bei yake kabla hujamwachia fundi wa Luthuli printa, maana kwa printa za bei nafuu kichwa na kazi hukaribia bei ya printa mpya.

Kama upande mmoja mzima ungekuwa umefifia, ningekuambia uangalie kava kama limefunga pande zote mbili, ama rola imelika upande huo. Mstari mwembamba wenye kingo zinazoonekana wazi kama wako si rola.

Wakati unatafuta pesa, mwambie aliyekuwekea programu ya mauzo asogeze safu ya bei milimita chache kushoto au kulia. Mstari utabaki, lakini utapita kwenye nafasi tupu, na mteja hatabishana nawe kama ile ni 3 ama 8.