Mashine ya kampuni yenyewe au ya kawaida?

"Saa yenye mashine iliyoundwa na kampuni yenyewe ni ghali kutengeneza ikiharibika? Na nikiiuza baadaye?"

Kutengeneza, ndiyo, mara nyingi ni ghali zaidi. Kuuza, inategemea jina lililo usoni kuliko mashine.

Mimi ni fundi hapa Kisumu. Juzi nilifungua saa yenye ETA 2824, mashine ya kawaida inayotumiwa na kampuni nyingi za saa, ambayo haikuwa imesafishwa miaka mingi. Mafuta yamekauka, springi kuu imekatika. Springi ya mashine hiyo huuzwa na maduka mengi ya vipuri mtandaoni, na vipuri vingi vya mashine inayofanana nayo, Sellita SW200, huingiliana nayo, kwa hiyo niliimaliza mezani pangu. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa Kakamega alileta saa ambayo mashine yake ni ya kampuni hiyo peke yake. Gurudumu moja limekatika meno, na kampuni haiwauzii mafundi wa nje vipuri. Sikuwa na la kufanya ila kumwambia aitume kwao.

Wanaosema kwamba mashine ya namna hii "hupandisha bei" ya kuuzia wako sawa nusu. Kwa Rolex mnunuzi hulipia jina. Kwa jina dogo, mnunuzi akijua gharama ya kuitengeneza hushusha bei, hasa kama huna risiti ya sevisi.

Lakini usiogope tu ukisikia "mashine ya kampuni yenyewe": mashine ya NH35 ni ya Seiko wenyewe, na ikiharibika mara nyingi ni nafuu kuibadilisha nzima.