Zaka ya duka huhesabiwa kwa bei ya siku ya hauli

Kwa miaka kadhaa nilitoa zaka pungufu bila kujua. Nina duka la vyakula karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, na hauli yangu, yaani mwaka wa Hijria, hutimia tarehe 1 Ramadhani. Kila ilipofika siku hiyo nilifungua daftari la manunuzi, nikajumlisha nilichotumia kununua bidhaa zilizobaki, kisha nikagawanya kwa 40. Sheikh wa msikiti wetu ndiye aliyenionyesha kosa: bidhaa za biashara huthaminiwa kwa bei ya soko ya siku ile hauli inapotimia, iwe imepanda au imeshuka.

Nilirudi dukani nikahesabu upya. Kulikuwa na madumu 60 ya mafuta ya alizeti ya lita 20, niliyonunua kwa shilingi 80,000 kila moja wakati wa mavuno, lakini siku ile yangeuzika kwa jumla kwa 96,000. Magunia 30 ya mchele niliyoyapata kwa 200,000 yalikuwa yamefika 230,000. Kwa hiyo mafuta yalikuwa na thamani ya 5,760,000 na mchele 6,900,000. Mizani, rafu na pikipiki ya kusambazia sikuviingiza, kwa kuwa si vitu vya kuuzwa.

Fedha taslimu, za benki na za kwenye simu zilikuwa 11,500,000, na humo mlikuwa na mauzo ya juzi tu. Fedha itokayo kwenye biashara hufuata hauli ya mtaji wake, haianzi mwaka mpya. Niliongeza 1,300,000 ninazowadai wateja wenye uhakika wa kulipa. Jumla ikawa 25,460,000. Sonara alinitajia gramu ya dhahabu safi kuwa 200,000, hivyo nisabu ya gramu 85, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, ilikuwa 17,000,000 nami nilikuwa nimeivuka. Zaka ikawa 636,500, ilhali kwa bei za manunuzi ningetoa 590,000.

Bangili za mke wangu sikuzigusa. Ni mali yake, na katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi hapa, pambo halali la kuvaliwa halitolewi zaka. Dhahabu iliyowekwa kama akiba ndiyo hutolewa, na ikiwa ya karati 18 huhesabiwa robo tatu tu ya uzito wake.

Kwa Shafii vilevile, deni unalodaiwa halipunguzi zaka, tofauti na wanavyosema Mahanafi. Kwa hiyo deni la msambazaji likiwa limeiva, mimi hulilipa kabla ya Shaabani kwisha, maana fedha iliyokwisha kutoka mkononi siku ya hauli haihesabiwi. Usiku wa kuandama mwezi hupiga picha rafu zote na salio la simu, kwani kufikia asubuhi ya pili nusu ya mchele huwa imekwisha kuuzwa kwa ajili ya daku.