Usimnunulie mama friza kama humlipii umeme wake

"Wakuu naomba ushauri. Mama ametulea peke yake watoto wanne, sasa wote tuna kazi. Siku ya Mama tunataka kumfanyia sapraizi ya friza kubwa la mtumba, tumepata la laki saba. Je, tumpe mbele ya watu au kimya kimya? Keki ya kilo ngapi? Na kaka yetu mkubwa hataki kuchanga, tumfanyeje?"

Acha. Hiyo laki saba usiitume leo, wala kesho.

Sisi tulishafanya kitu hicho hicho, mama yetu yuko Muheza, mzee aliondoka mapema sana mama akabaki na vitumbua vyake stendi na sisi watatu. Nilipofaulu kwenda fomu wani aliuza cherehani yake ili nipate godoro, sanduku na ada. Sasa watu tumepata vimshahara, Siku ya Mama imekaribia, dada akaanzisha grupu la watsapu, tukachanga, tukaenda mjini kwenye friza za mtumba za kutoka Ulaya. Dalali mmoja pale, na naomba popote alipo vocha zake ziishe katikati ya maongezi, akatuambia kwa uso mkavu "hili wakuu linakula umeme kama taa mbili tu". Taa mbili! Labda taa za uwanja wa mpira.

Friza likafika, picha zikapigwa, mama akalia, na sisi tukalia, tukapandisha stetasi siku nzima. Dada akasema mama sasa atauza barafu na juisi apumzike moshi wa vitumbua.

Kilichofuata hatukukijua mpaka nilipoenda nyumbani bila taarifa. Nafungua friza nitoe maji ya baridi, nakuta ndani kuna kanga zimekunjwa vizuri, mfuko wa unga wa mchele, na sufuria ile kubwa ya shughuli. Kavu kabisa. Waya umezungushwa nyuma umefungwa na kitambaa. Namuuliza mama vipi hili, ananiambia "zuri sana mwanangu, panya hawaingii".

Ikabidi nimbane jirani yake ndio akafunguka. Mama alikuwa anatoa hela ya mtaji wa vitumbua ananunulia Luku, ilipomshinda akalizima, na akawakataza majirani wasituambie tusije tukajisikia vibaya.

Sasa sikiliza hesabu hii maana dalali hatakupa. Mama zetu wengi wenye taa tatu nne, redio na tivii wako kwenye ile tarifu ya Tanesco ya matumizi madogo, D1. Pale uniti moja ni shilingi 100, ukiweka VAT na makato ya REA na Ewura inakuwa 122, ndio maana watu wanasema elfu tisa mia na hamsini unapata uniti 75. Ila hizo 75 ndio mwisho kwa mwezi. Uniti ya 76 inaanza kuhesabiwa kwa 350, na makato juu, hapo ni kama 427. Na ukiendelea kuzidisha miezi mingine wanakuhamishia T1 ambako kila uniti kuanzia ya kwanza ni 292, na makato inafika 356. Ile elfu kumi yako hapo inakupa uniti 28 tu, na kama kodi ya jengo inakatwa kwenye hiyo mita basi hata hizo 28 huzioni.

Mama alikuwa anatumia kama uniti 40 kwa mwezi, hazifiki elfu tano. Friza letu lilikuwa linakula uniti 3 kwa siku maana mpira wa mlango ulishakufa na joto la kule unalijua, kompresa hailali. Hizo ni 90 kwa mwezi, jumlisha na 40 zake zinakuwa 130. Mwezi wa kwanza akiwa bado D1 ilikuwa inaelekea elfu thelathini na mbili na ushee, alipohamishwa T1 ikawa elfu arobaini na sita. Kutoka chini ya elfu tano! Ona ubaya wake hapo, sio friza tu linalokula, limempandishia bei mpaka zile taa zake alizokuwa anawasha miaka yote. Na hata baada ya kulizima alikuwa bado ananunua kwa bei ya T1, maana kurudi D1 hakuji kwenyewe siku hiyo hiyo, unaenda kuomba na wanaangalia manunuzi yako ya miezi ya nyuma.

Na sisi kwa ujuaji wetu baada ya kugundua tukasema basi tutamtumia Luku, kila mtoto kivyake, namba ya mita tunayo, unalipia kwenye simu unapata zile namba 20 unamrushia. Wazo zuri, ila mita haijui nani kanunua. Zinajumlishwa zote zilizonunuliwa mwezi ule, hata kama hajazitumia. Kwa hiyo mkiwa wanne na kila mmoja akarusha elfu kumi kwa upendo wake, mtoto wa kwanza ndio kanunua kwa bei ya mama, waliobaki wote mnalipia bei ya juu halafu mnamsogeza mama T1 mkiwa mnatabasamu. Achaguliwe mmoja wa kununua na kuhesabu zisivuke 75 kwa mwezi, wengine wampe huyo hela.

Kwa hiyo kwangu mimi siku hizi kitu chochote kinachokula kila mwezi, kiwe friza, king'amuzi au jiko la umeme, anayekileta ndio anakilisha. Andikeni kwenye grupu nani analipa na siku gani, kabla hata ya kuuliza bei dukani. Mkishindwa kukubaliana hapo, mnunulieni kisichokula. Sisi mwaka uliofuata tulimpelekea cherehani ya kukanyaga, hiyo inakula uzi na mafuta kidogo basi, na usimwambie mtu ila anatushonea mpaka mapazia ambayo hatujaagiza.

Kama bado mnang'ang'ania friza, basi jipya dogo, na msimsikilize muuzaji, angalieni kibandiko. Kuna namba imeandikwa kWh na mbele yake annum, hiyo ni ya mwaka mzima, gawa kwa 12 upate uniti za mwezi. Likiandikwa 240 ni uniti 20 kwa mwezi, ila ongezeni kidogo maana vipimo vyao sio vya joto la pwani. Halafu jumlisha na za mama, ikikaribia 75 jua unacheza na moto. La mtumba mara nyingi kibandiko kimebanduliwa, na usidhani kimedondoka chenyewe. Hapo bana noti kwenye mlango ufunge halafu vuta, ikitoka kirahisi mpira umekwisha. Na weka fedha ya friji gadi pembeni, jioni umeme ukishuka kompresa inaunguruma bila kuwaka mpaka inaungua.

Uniti za mama utazijua bila kumuuliza, omba meseji zake za Luku za miezi mitatu, mwambie unataka kuangalia kitu. Hilo friza la laki saba piga picha ya ubavuni na nyuma ulete hapa pamoja na hizo uniti, tukupigie hesabu kabla dalali hajakupigia simu tena.