Kufungua mirathi bila wosia: ilivyokwenda kwetu Morogoro

"Wakuu, baba amefariki bila kuacha wosia. Kaacha nyumba Morogoro, kiwanja Kibaha na hela benki. Benki wanadai barua ya usimamizi wa mirathi. Tunaanzia mahakama gani, na nani asimamie?"

Pole sana mkuu kwa msiba. Sisi tulipita njia hiyo hiyo baba alipofariki.

Mahakama haifuati mali ilipo, inafuata marehemu alikokuwa na makazi ya kudumu. Kama baba yenu aliishi Morogoro, fungueni Mahakama ya Mwanzo ya huko, na kiwanja cha Kibaha kitaingia kwenye shauri hilo hilo. Ila Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Kama mzee alikuwa Mkristo na maisha yake hayakufuata mila, muulizeni karani kabla ya kulipia chochote, maana shauri linaweza kutakiwa kwenda ngazi ya juu. Likifunguliwa pasipo mamlaka, uteuzi wote unaweza kufutwa hata baada ya mali kugawanywa.

Kabla ya kwenda, kaeni kikao cha familia na muandike muhtasari wenye saini za waliohudhuria. Hapo ndipo pagumu. Kwetu baba mdogo alitaka dada yetu wa mama mwingine, ambaye mama yake alishaachika, asitajwe kwa sababu "hajakanyaga hapa miaka". Nilikataa katakata. Mama kuachwa hakumuondolei mtoto urithi wa baba yake. Tena mrithi aliyefichwa anaweza kuweka pingamizi wakati tangazo la mirathi liko ubaoni, au kuja baadaye kuomba uteuzi utenguliwe. Tukamwandika, tukampigia simu, akaja mpaka mahakamani.

Kwenye kumchagua msimamizi, msiangalie nani mkubwa. Mchagueni anayepatikana, anayetunza karatasi na ambaye wengine wanaweza kumuuliza bila kuogopa. Sisi tulimpendekeza dada anayefuatia kaka mkubwa. Alijaza Fomu Na. 1 na kuambatanisha cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao na barua ya serikali ya mtaa. Kagueni majina mapema. Cheti cha kifo cha baba kilikuwa na majina matatu, kadi ya benki mawili, na hati ya nyumba ilikuwa na jina la ujanani. Ilibidi kula kiapo kwamba wote ni mtu mmoja.

Siku za tangazo zikiisha bila pingamizi, hakimu anawauliza warithi waliopo kama wanaridhia. Akiridhika, msimamizi anapewa Fomu Na. 4, na hiyo ndiyo barua wanayoitaka benki. Ombeni nakala kadhaa zenye muhuri wa mahakama, kwa sababu benki na ardhi kila mmoja atataka ya kwake.

Barua hiyo haimfanyi msimamizi kuwa mwenye mali. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, kisha anatoa hesabu. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anatakiwa awasilishe Fomu Na. 5 yenye mali zote na madeni yote, na akihitaji muda zaidi anauomba. Hesabu za alichokusanya na kugawa zinaingia Fomu Na. 6. Wengi wanaishia kwenye Fomu Na. 4, wanauza kiwanja, na ugomvi unaanzia hapo.

Kwetu hela ya benki haikupita mfukoni mwa dada. Ilihamishiwa akaunti ya mahakama, kisha kila mrithi akalipwa. Nikupe mfano kwa tarakimu nyepesi: benki kuna 9,200,000 na marehemu anadaiwa 1,200,000. Deni linatoka kwanza, zinabaki 8,000,000. Warithi ni mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na wazazi wa marehemu walishatangulia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane anapata thumni, yaani 1,000,000. Zilizobaki 7,000,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Yanakuwa mafungu saba, hivyo kila binti anapata 1,000,000 na kila kijana 2,000,000. Yule dada wa mama mwingine anapata sawasawa na mabinti wenzake.

Nyumba na kiwanja vina hatua ya ziada. Msimamizi anasajiliwa kwanza kwenye hati kwa cheo hicho cha usimamizi, ndipo anahamisha kwa warithi au kwa mnunuzi. Mkikubaliana kuuza, andikeni ridhaa ya kila mrithi kwa saini, na bei iandikwe humo. Dada yetu aliambatanisha karatasi hizo na risiti zote kwenye Fomu Na. 6, hakimu akatuuliza mmoja mmoja kama tumepokea, kisha akafunga jalada.