Kengele ya bei ya kufunga iliniponza

"Wakuu, nina hisa kadhaa DSE. Nimetengeneza jedwali linalochukua bei ya kufunga kila jioni na kuniambia niuze ikishuka asilimia 10. Iko sawa? Na dalali yupi ana makato nafuu? Gawio nalo nalihesabuje?"

Futa hilo jedwali leo, kabla hujalia kama mimi.

Nilikuwa na hisa 12,000 za kampuni moja ndogo, nilizinunua kwa 500. Nikaweka fomula hii, B ikiwa bei ya kufunga na C bei niliyonunulia:

```
=IF(B2<0.9*C2,"UZA","SUBIRI")
```

Wiki saba mfululizo bei ilisoma 480. Nikatamba hapa Kibirizi kwamba nina hisa tulivu kuliko ziwa la alfajiri. Kumbe haikuwa utulivu. Hakuna hisa hata moja iliyouzwa wiki zote hizo, na siku isiyo na biashara bei ya jana hubebwa ilivyo hadi leo. Nilikuwa naangalia picha ya marehemu nikisema anaendelea vizuri.

Nikapata mashine ya boti iliyotumika, nikampigia dalali auze kwa 480. Kimya, siku tisa. Kumuuliza vizuri, akaniambia oda ya juu kabisa ya kununua ni 460, tena ya hisa 2,000 tu. Nikaziachia. Wiki iliyofuata 4,000 zikatoka kwa 440, na 6,000 za mwisho kwa 420. Jumla 5,200,000, wakati jedwali lilinihesabia 5,760,000. Hapo makato ya dalali bado, na mashine ilishachukuliwa na jamaa wa Katonga.

Kengele ililia? Ililia, tena siku ile nilipouza kwa 440. Niliishtua mwenyewe!

Yule "mwalimu" wa grupu la WhatsApp aliyenifundisha kwamba bei isiyotikisika ni salama, na akachukua ada yangu, popote alipo ajue sijamsamehe. Muuza dagaa yeyote sokoni angenifundisha bure: bei ya juzi si bei kama leo hakuna mnunuzi.

Taarifa ya kila siku ya soko inaonyesha pia idadi ya hisa zilizouzwa. Iweke safu D, na E iwe idadi ya hisa zako:

```
=IF(D2<E2,"BEI HAIAMINIKI",IF(B2<0.9*C2,"UZA","SUBIRI"))
```

Usiishie kupima kama D ni sifuri, maana hisa chache za mtu mmoja zinaweza kuandika bei mpya ambayo 12,000 zako hazitaipata. Ikisema haiaminiki, achana na bei ya kufunga, angalia oda za kununua zilizopo: bei gani, hisa ngapi. Zijumlishe kuanzia ya juu hadi zifike idadi yako. Zikiisha kabla hujafika, hizo zilizobaki usizipangie matumizi. Mimi nilishamwahidi fundi tarehe ya kufunga mashine.